Badili ushungi tu: leya kwa anayeanza kuhariri picha

Bibi harusi amesimama mbele ya mlango wa nakshi, Mji Mkongwe wa Bagamoyo. Familia inataka jambo moja tu: ushungi mwekundu uwe wa kijani, ulingane na sare za mashangazi. Uso, hina na mlango vibaki vilivyo. Tutumie Photopea, inayofunguka kwenye kivinjari bila malipo. Mwenye Photoshop atafuata njia hiyohiyo.

Ukifungua picha utaona leya moja, yaani tabaka moja la picha, liitwalo Background. Hiyo usiipake wala usiifute chochote. Kila badiliko tunaliweka kwenye leya yake, juu ya picha. Leya hiyo unaweza kuizima kwa alama ya jicho, kuipunguza nguvu kwa Opacity, hata kuitupa, na picha ya chini ikabaki kama ilivyotoka kwenye kamera.

Nenda Layer > New Adjustment Layer > Hue/Saturation, usogeze Hue hadi karibu na 120. Picha nzima itageuka rangi, na uso pia, usishtuke. Bonyeza maski, kile kisanduku cheupe kwenye leya mpya, kisha Ctrl + I. Maski inakuwa nyeusi na badiliko lote linajificha. Kwenye maski, nyeupe huonyesha na nyeusi huficha. Chukua brashi kwa B, upake nyeupe juu ya ushungi. Ukipitiliza, bonyeza X upate nyeusi, urudi ulipokosea. Hakuna kilichoharibika.

Sasa vuta picha karibu, kwa sababu kazi hujulikana kwenye kingo. Kwenye vidole vinavyoshika kitambaa, tumia brashi ndogo. Nyuzi za dhahabu kwenye pindo nazo zimegeuka kijani-bluu. Zipitie kwa nyeusi mpaka dhahabu irudi.

Kisha tazama chini ya kidevu. Kitambaa chekundu hutupa wekundu kwenye ngozi, na ushungi ukishakuwa kijani, wekundu ule unabaki bila sababu. Ongeza leya ya pili ya Hue/Saturation, shusha Saturation kidogo, geuza maski iwe nyeusi, halafu paka nyeupe hapo tu kwa brashi laini yenye Opacity ya 20%. Ukiona ngozi imepauka, umezidisha.

Na uishie hapo. Usimng'arishe uso wala kumpunguza pua ati kwa kuwa leya zinaruhusu. Hakuomba, na huyo ndiye atakayejitafuta katika picha hii miaka ijayo. Kabla ya kuhifadhi, zima leya zote mbili kisha uziwashe: kikibadilika kingine zaidi ya ushungi na kile kivuli cha kidevu, rudi kwenye maski.

Hifadhi kwa File > Save as PSD, ndipo utoe JPG ya kutuma WhatsApp. JPG haibebi leya. Shangazi akipiga simu kesho kusema kijani kimekolea mno, unafungua PSD, unabofya mara mbili kijipicha cha leya ya ushungi, unapandisha Lightness kidogo.