Utaratibu wa Kuomba Marekebisho na Kubadili Kipaumbele katika Mfumo wa Mauzo

23 Juni 2025

Kwa Meneja wa Mauzo na Usambazaji,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MAOMBI YA KUBADILI KIPAUMBELE KUPITIA MAONI YA TIKETI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua hii nimekuandikia wewe peke yako, wala sijampa mtu mwingine nakala, kwa sababu nia yangu si kukushtaki bali ni kukueleza mlango sahihi wa kupitisha maombi ya idara yako, mlango ambao nakiri kwamba hatukuwahi kukuonyesha kwa maandishi tangu mfumo uanze kutumika. Aliyefungua tiketi, yaani ukurasa wa ombi moja la kazi, akaona sehemu ya `Comment` chini yake, na hakuna aliyemwambia vinginevyo, hana kosa kudhani kwamba hapo ndipo pa kusemea.

Alhamisi iliyopita, tarehe 19, nilikaa nikaisoma tiketi namba 214, ya punguzo la wateja wa mikoani, tangu mwanzo hadi mwisho. Ina maoni 17. Kati ya hayo, 11 ni yako ya kutaka kazi ipandishwe, ianze leo, au iahirishwe ili nyingine itangulie. Matano ni majibu ya mtengenezaji programu anayeomba ufafanuzi. Moja lililobaki, uliloliandika tarehe 5 Juni, ndilo lililonifanya niandike barua hii. Ulieleza kwamba mteja wa Mbeya aliagiza bidhaa za shilingi 2,400,000 na usafiri wa shilingi 150,000, na kwamba punguzo lake la asilimia 5 lilipaswa kuwa shilingi 120,000, lakini mfumo ulimpa shilingi 127,500 kwa kuwa unakata punguzo hata kwenye gharama ya usafiri. Hapo kuna shilingi 7,500 zilizotoka mfukoni mwa kampuni kwa oda moja.

Kwa kweli maelezo hayo ndiyo bora kuliko yote niliyoyapokea mwezi huu, na yalikaa wiki mbili bila mimi kuyaona, yakiwa yamefunikwa na maoni yasemayo "hii ni ya haraka sana" juu yake na chini yake. Nilipozipitia ankara za wiki iliyotangulia nilikuta 38 zenye punguzo na usafiri kwa pamoja, na punguzo lililozidi kwa jumla lilikuwa shilingi 261,500. Laiti hesabu hiyo ingenifikia kwa simu tarehe 5, ningesimamisha kazi nyingine siku hiyohiyo. Neno "haraka" halinipi kitu cha kupima, kwa kuwa idara zote nne zinazotumia mfumo huu hulitumia, na kila moja ina haki ya kulitumia. Hesabu yako inanipa.

Naomba nieleze kwa nini maoni ya tiketi hayafanyi kazi uliyoyatuma kufanya. Ukiandika maoni katika Jira, programu tunayotunzia tiketi, kwa kawaida ujumbe huenda kwa aliyekabidhiwa tiketi, kwa aliyeifungua na kwa wanaoifuatilia, basi. Nafasi ya tiketi katika foleni haibadiliki, na mimi ninayeipanga foleni hiyo huenda nisijue kwamba umeandika. Anayejua ni mtengenezaji, ambaye hana mamlaka ya kupanga foleni, lakini pia hana ubavu wa kumkatalia meneja. Kijana aliyeajiriwa mwezi Machi, akisoma agizo lenye cheo chako, hataliuliza wala kulipinga. Ataacha alichokishika na kukimbilia ulichokitaja. Anafanya hivyo kwa heshima, na hatari iko hapohapo.

Ndivyo ilivyokuwa katika sprinti, yaani awamu yetu ya kazi ya wiki mbili, ya tarehe 2 hadi 13 Juni. Jumatano tarehe 11 mtengenezaji aliiacha tiketi namba 198, ya ripoti ya mauzo kwa ajili ya VAT, ikiwa imebakiza majaribio tu, akaanza 214 kwa kufuata maoni yako ya asubuhi. Alhamisi uliandika kwamba 214 isubiri na ianze 221, ya orodha ya mizigo ya madereva, kwa kuwa gari la Mwanza lilikuwa limechelewa kutoka. Ijumaa jioni tulifunga sprinti tukiwa na kazi tatu zilizoanzwa na hakuna hata moja iliyokamilika. Ritani ya VAT inatakiwa kuwasilishwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na tarehe hiyo haisogei kwa sababu ya shida zetu za ndani. Mhasibu wetu alikaa ofisini hadi saa tatu usiku tarehe 19, akijumlisha ankara za Mei kwa mkono, moja baada ya nyingine. Aliwasilisha kwa wakati. Ripoti ambayo ingemfanyia kazi hiyo ilikamilika kesho yake mchana.

Sisemi kwamba mahitaji yako hayakuwa ya kweli. Gari lilikuwa limechelewa kweli, na najua kwamba mawakala wa Mbeya na Mwanza wanakupigia simu wewe, si mimi. Ninachosema ni kwamba watengenezaji ni wanne, sprinti ni siku kumi za kazi, na ukiondoa vikao na matengenezo madogo ya kila siku tunabakiwa na siku kama 30 za mtu mmoja za kugawana idara nne. Kazi moja ikiingia katikati, nyingine inatoka, iwe imesemwa au haikusemwa. Isiposemwa, anayeumia ni yule ambaye hakuwepo wakati uamuzi ukifanyika, na safari hii alikuwa mhasibu.

Kwa hiyo, kuanzia leo, naomba tufuate utaratibu huu.

Ombi jipya, au ombi la kupandisha kazi iliyokwishaandikwa, lije kwangu. Mwongozo wa Skramu wa mwaka 2020, ambao ndio tunaoufuata katika kupanga kazi za timu, unaeleza kwamba mmiliki wa bidhaa, nafasi niliyo nayo mimi, ni mtu mmoja na si kamati, na kwamba anayetaka orodha ya kazi ibadilike anafanya hivyo kwa kumshawishi mtu huyo. Utaratibu huo haukuwekwa ili mtu mmoja awe mkubwa kuliko wengine. Umewekwa ili kuwe na mtu mmoja wa kuulizwa na wa kulaumiwa foleni ikipangwa vibaya. Fungua tiketi mpya, au nitumie barua pepe yenye namba ya tiketi iliyopo, nami nitakujibu ndani ya siku mbili za kazi kwa kukuambia imekaa wapi katika foleni na kwa nini.

Katika ombi hilo nieleze nani anaumia, anaumia kiasi gani na mara ngapi, inahitajika kufikia lini na tarehe hiyo imetoka wapi, na mwisho, ni kazi ipi ya idara yako unayokubali isubiri. Hili la mwisho ndilo gumu, na ndilo linalonisaidia zaidi. Si lazima maneno yawe mengi. Maoni yako ya tarehe 11 yalisema: "Hii ianze leo, wateja wanalalamika." Ombi lilelile lingeweza kuandikwa hivi:

> Naomba tiketi namba 214 ipandishwe. Punguzo la wateja wa mikoani linakatwa pia kwenye usafiri, hivyo kampuni inapoteza pesa katika kila oda yenye vyote viwili. Mfano ni oda ya Mbeya iliyozidishiwa shilingi 7,500. Oda za aina hiyo hazipungui 30 kwa wiki. Ningependa irekebishwe kabla ya tarehe 1 Julai, kwa kuwa siku hiyo tunaanza bei mpya na punguzo litahusu wateja wengi zaidi. Tiketi namba 221 inaweza kusubiri sprinti moja. Madereva wataendelea kutumia orodha ya karatasi.

Ombi la namna hiyo naweza kulisimamia mbele ya ghala, uhasibu na huduma kwa wateja bila kutetereka, na wao wakaona kwamba hawakuonewa. Upangaji wa foleni hufanyika kila Alhamisi saa tisa alasiri, na una nafasi katika kikao hicho, wewe mwenyewe au mtu utakayemtuma. Kikao hakizidi dakika 45. Ningefurahi ukija, kwa sababu mara nyingi tunabahatisha kuhusu mambo ya mikoani ambayo wewe ungeyajibu kwa sentensi moja.

Dharura ina njia yake. Ikiwa ankara hazitoki, risiti za EFD hazitolewi, mfumo unakokotoa pesa vibaya, au taarifa za mteja zimeonekana na asiyehusika, usiandike popote kwanza: nipigie simu, saa yoyote. Kisheria kila mauzo yanatakiwa kuwa na risiti, hivyo jambo hilo halingoji Alhamisi. Nitaamua papo hapo, na tiketi nitaiandika mimi. Gari kuchelewa, mteja mkubwa kukasirika, au mkurugenzi kuuliza ripoti ni mambo mazito, lakini yapitie njia ya kawaida, isipokuwa uone kwamba yanagusa mojawapo ya hayo niliyoyataja.

Maoni ya tiketi hayajafungwa kwako. Yatumie kujibu swali la mtengenezaji, kuongeza mfano, kuambatisha picha ya ankara yenye kasoro, na kueleza ulichokiona ulipojaribu kazi iliyokamilika. Maoni yako ya tarehe 5 ndiyo kipimo cha maoni mazuri. Nimewaagiza watengenezaji kwamba wakikuta humo agizo la kubadili kazi, wasilitekeleze. Walielekeze kwangu kwa adabu na waendelee na walichokishika. Ukijibiwa hivyo, tafadhali usimchukulie kijana huyo kuwa ni mkaidi, kwani anatimiza agizo langu.

Kuhusu tiketi namba 214 yenyewe: kwa kuwa ni kosa la kukokotoa pesa, nimeihesabu kuwa dharura, na mtengenezaji mmoja ameianza leo asubuhi. Ili ipate nafasi katika sprinti hii inayoishia tarehe 27, nimeitoa 221 na kuipeleka katika sprinti inayoanza Jumatatu tarehe 30. Nimechagua hiyo kwa kukisia kwamba orodha ya karatasi inaweza kuwavusha madereva kwa wiki moja zaidi. Kama nimekosea, niambie kabla ya Alhamisi hii saa tisa, na unitajie ungependa nini kitoke badala yake. Hadi marekebisho yatakapokamilika, naomba wasaidizi wako wauandike usafiri wa mikoani katika ankara ya pekee, ili punguzo lisiuguse.

Naomba kuwasilisha.

Mmiliki wa Bidhaa, Mfumo wa Mauzo
Kitengo cha TEHAMA