Barua ya Kuomba Kazi

Siku ya mwisho ya kusahihisha, mwalimu alizipitia barua kama mtu anayepukuchua mahindi: anwani mbili, kichwa, kiini, sahihi. Watahiniwa wa kidato cha nne karibu wote waliomba ualimu au uhasibu. Macho yalimwasha, chai ilishapoa.

Akafungua nyingine. "YAH: MAOMBI YA KAZI YA ULINZI WA USIKU SHULENI KWAKO."

"Uzoefu ninao," aliandika mtahiniwa. "Tangu tulipofukuzwa kwenye nyumba, nalala darasani. Najua kitasa kipi hakifungi na mbwa yupi ubweka bure. Mlinzi uliyenaye ni mzee, husinzia. Nimeshamfunika koti mara nyingi. Usimfukuze, tugawane zamu. Mshahara abaki nao. Mimi naomba ruhusa ya kuwasha taa nisome."

Mwalimu akarudia kusoma, kisha akampelekea kiongozi wa meza. Yule mama alisoma amesimama, miwani ikamteremka puani.

"Muundo?"

"Umekamilika."

"Mpe zote."

"Ila 'hubweka' kaiandika 'ubweka', mama."

"Baba, mpe zote! Halafu niachie karatasi, nikamsomee mwenyekiti."