Maneno ya kufungua kikao cha kusoma wosia wa kaka, Kayenze

Shemeji yangu, mama wa nyumba hii. Shangazi zetu mliofika tangu jana kutoka Magu. Wajomba, wakwe, watoto wa kaka, wajukuu. Mwenyekiti wetu wa mtaa, mchungaji, na wakili wetu. Habari za asubuhi, na poleni na safari. Poleni tena na msiba. Arobaini imepita, lakini najua wengine hapa bado mkisikia pikipiki ikikata kona pale mnageuza shingo mkidhani ni yeye anarudi kutoka Mwaloni. Na mimi nageuza.

Mchungaji ametuombea. Kabla wakili hajafungua bahasha, naomba nafasi ya kusema. Sijajipa nafasi hii mwenyewe. Miaka mitatu iliyopita kaka aliniita Kirumba, akaniambia ameandika wosia. Sikumuuliza ameandika nini, na mpaka dakika hii sijui. Aliniambia hivi: "Siku ikifika, kikao ufungue wewe, kwa sababu wewe unajua kilichotupata kwa baba." Watoto wengi hapa hamjui kilichotupata. Leo nitawaambia, mbele ya shangazi zangu walioona kwa macho yao.

Baba yetu alifariki mwaka 1988 bila kuacha hata karatasi moja. Aliacha kiwanja hiki, aliacha ng'ombe kumi na wawili, na aliacha mtumbwi mpya wa mbao ambao ulikuwa haujamaliza mwaka majini. Wakati ule sangara walikuwa wengi ziwani, na mwenye mtumbwi mzuri alikuwa na maisha. Tulikaa kikao hapa hapa, chini ya mwembe huu. Kaka akasema mtumbwi uuzwe, hela igawanywe, mama apate sehemu yake. Mimi nilikuwa nimevua na baba kwenye mtumbwi ule, nikaona ni wangu. Mzee aliyekuwa anaongoza kikao hajamaliza hata sentensi yake, mimi nimeshasimama. Nikamnyooshea kaka yangu kidole mbele ya mama. Nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia leo, maana watoto wake wapo.

Tukaenda baraza la ukoo, tukatoka tumenuna. Tukaenda mahakamani. Mtumbwi ukavutwa mchangani, pale chini kwenye mawe, ikasemwa mtu asiuguse mpaka kesi iishe. Jua likaupiga, mvua ikaunyeshea. Mwaka wa pili nilishuka kuuangalia. Nikaingiza vidole katikati ya mbao mbili, mahali ambapo baba alikuwa amekalafati kwa mikono yake, na kiganja changu chote kikapita. Ubavu wa pili mchwa walikuwa wameshaumaliza. Watoto wa jirani wakachomoa misumari wakaenda kuuza. Tulipokuja kuambiwa mtumbwi ni wa nani, mtumbwi haukuwepo.

Na huo ulikuwa mtumbwi tu. Mama alifariki mimi na kaka hatusalimiani. Tulibeba jeneza lake, mimi kulia, yeye kushoto, tukalifikisha kaburini hatujasemezana neno. Mpaka leo sijui mama aliondoka anafikiria nini. Kaka ndiye aliyekuja kwangu baadaye, miezi minne imepita, amebeba debe la dagaa. Akalitua mlangoni akasema, "Mdogo wangu, nimechoka." Nami nilikuwa nimechoka. Tulikula pamoja siku ile.

Ndiyo maana aliandika. Hakuandika kwa sababu haamini watoto wake. Aliandika ili msije mkasimama mahali niliposimama mimi.

Sasa niseme kuhusu leo.

Wosia utasomwa wote, kuanzia mstari wa kwanza mpaka sahihi, bila mtu kukatiza. Najua hili ni gumu. Mtu akisikia jina lake moyo unaruka, na asipolisikia moyo unaruka zaidi. Lakini huenda jambo linalokuuma ukurasa wa kwanza limeelezwa ukurasa wa tatu. Kaka alikuwa hivyo hata akiongea, mnamfahamu. Alianza mbali, akazunguka, ukidhani kakusahau ndipo anakufikia. Mpeni nafasi amalize. Ni mara ya mwisho anaongea nasi.

Ukizidiwa na machozi, lia. Hakuna atakayekushangaa. Ukihisi hasira inapanda, nyanyuka taratibu, tembea mpaka ziwani, nawa uso, urudi. Wakili atakusubiri, nimeshamwomba. Ila usijibu. Maji ya leo yako tulivu, yatakusaidia.

Simu zote zizimwe ziingie kwenye kapu alilonalo mjukuu wetu mkubwa. Sitaki mtu arekodi, na sitaki kusikia jioni kwamba ukurasa wa wosia unazunguka kwenye grupu la ukoo kabla mama mwenye nyumba hajapumzika. Walioko Dar na Geita wameshindwa kufika, watapigiwa simu na mimi mwenyewe leo hii hii, na watasomewa neno kwa neno.

Kuna watu watatu nataka niwataje.

Wa kwanza ni shemeji. Huyu mama amelala hospitali na kaka wiki saba, akilala kwenye mkeka chini ya kitanda. Nimesikia minong'ono kwamba vyumba vya Kirumba sasa vihesabiwe, kwamba mama arudi kwao akapumzike. Aliyesema namjua na sitamtaja. Namwambia hivi: hapa ni kwake. Iwe wosia umesema nini, leo hakuna mtu wa kumuuliza shemeji funguo, wala kitabu cha kodi, wala atakaa wapi. Ukiwa na swali juu yake, uliza mimi.

Wa pili ni kijana wetu aliyekaa pale karibu na shangazi, mwenye shati la bluu. Amevuka jana kutoka Nansio. Wengine mmemwona kwa mara ya kwanza siku ya mazishi na mkauliza ni nani. Ni mtoto wa kaka. Kaka alimtambua mbele yangu na mbele ya shemeji, alimlipia ada, na shemeji mwenyewe ndiye aliyesema aitwe leo. Ana miaka kumi na sita. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake, lakini mimi sitaki tufike huko kwenye sheria. Tazameni lile paji la uso. Nani hapa anahitaji hakimu amwambie? Mwanangu, karibu nyumbani. Usiinamishe kichwa.

Wa tatu ni kifungua mimba wetu. Binti yangu, wewe umeendesha biashara ya dagaa na baba yako miaka tisa. Wapo wanaosema mtoto wa kike hajui mali ya ukoo. Mimi nimekuona saa kumi alfajiri pale Mwaloni ukihesabu magunia kwa tochi. Lolote lililoandikwa juu yako, liwe kubwa au dogo, naomba ulipokee bila woga, na ndugu zako wa kiume walisikie bila kucheka.

Juu ya wosia wenyewe, wakili ataeleza vizuri kuliko mimi, ila mjue mapema. Uliandikwa kaka akiwa mzima, anakwenda kazini. Ulishuhudiwa na watu wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo, mwingine si wa ukoo, na wote wawili wapo hapa.

Pia mjue kwamba kusomwa si kugawanywa. Nalisema hili kwa nguvu, maana ndipo watu huharibu. Wakili akifunga karatasi, hakuna mtu atakayeondoka na kitu. Mashine ya boti inabaki stoo. Hati ya nyumba inabaki mahali ilipo. Wapangaji wanaendelea kulipa kama kawaida na risiti zinatunzwa. Aliyependekezwa kusimamia mirathi lazima apeleke maombi Mahakama ya Mwanzo, na cheti cha kifo, na muhtasari wa kikao hiki. Ndiyo maana katibu anaandika, na ndiyo maana kila mmoja atasaini mahudhurio. Tangazo litabandikwa. Akiteuliwa, ana miezi minne ya kupeleka mahakamani orodha ya mali na madeni. Madeni yapo, msidhani hayapo. Kuna fundi wa boti anadai, na gharama za mazishi hazijaisha. Hayo yanalipwa kwanza, kinachobaki ndicho cha kurithi. Mtakaoona hii ni safari ndefu, ni kweli ni ndefu. Vumilieni. Mtumbwi wa baba haukuozeshwa na kusubiri. Tuliuozesha kwa kugombana.

Na kama kuna mtu, baada ya kusikia yote, ataona ameonewa, ana haki yake. Pingamizi lina mahali pake, linapelekwa mahakamani kwa utaratibu, na sitamchukia atakayelipeleka. Ninachoomba ni apite kwangu kwanza aniambie usoni, kama mtoto anavyomwambia baba yake, tukae tuone. Wazee walisema ndugu wakigombana shika jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Wapo watu hapa mtaani kapu lao wameshaliandaa, wananyemelea kile kiwanja cha mbele kinachotazama ziwa. Wanatusubiri tugombane ili waje na bei ya kutupwa.

Tukimaliza kusoma tutanyamaza dakika chache, halafu tutakula. Maswali ni baada ya chakula, si kabla. Kuna sato na ugali, wifi zetu wameamka saa tisa usiku, wabeja sana. Nataka wote tunawe kwenye beseni moja na tukae mkeka mmoja, hata wale wawili ambao tangu asubuhi mmekaa kona mbili za uwanja. Baada ya hapo tutaanza kusikiliza wadogo, wakubwa tutafuata, ili mdogo asimwogope aliyetangulia kusema.

Nimemaliza. Wakili, naomba kabla ya kufungua bahasha umpe shemeji aishike. Shemeji, geuza nyuma, angalia pale gundi ilipofungwa. Ile sahihi iliyokatiza juu ya mkunjo ni ya kaka, unaijua. Pitisha kidole taratibu. Ukiona haijaguswa, mpe binti yako naye aangalie, naye ampe kijana wa Nansio, halafu irudi kwa wakili. Hatuna haraka.