Ahsante, Mama Zuhura

Mama Zuhura,
Mkusanyiko wa Afrika Mashariki,
Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Shikamoo mama.

Jana nimekabidhi tasnifu yangu baada ya masahihisho ya mwisho. Jina lako limo kwenye ukurasa wa shukrani, ila pale nafasi ni mstari mmoja, na mstari mmoja hautoshi kwa mambo uliyonifanyia mwaka huu.

Unakumbuka nilivyokuja mara ya kwanza. Nilitaka kuandika habari za vibarua wa mradi wa karanga Nachingwea, na kwenye katalogi ya kompyuta nilikuwa naandika "Nachingwea" tu, kila siku hilo hilo. Vilivyotoka ni vitabu vya Waingereza vinavyoeleza kwa nini mradi ulianza 1947 na kwa nini ulifutwa 1951: matrekta, mvua, fedha. Kibarua hayumo, au yumo kama tarakimu. Hukunipa kitabu. Uliniuliza, "Wakati huo Nachingwea ilikuwa chini ya nani?" Kisha ukaniandikia kwenye kikaratasi: Jimbo la Kusini, Lindi, Masasi, Mikindani. Kikaratasi hicho bado ninacho, kimebandikwa ndani ya daftari. Mtwara yenyewe niliipata nilipotafuta Mikindani, na habari za bandari na reli, ile iliyokwisha kung'olewa, zikafuata.

Nilipokuwa nalia kwamba majalada yote ya maana yako Kew na mimi nauli ya Uingereza sina, ulinionyesha kuwa mengine yalichapishwa zamani. Mpango wenyewe wa 1947 una namba, Cmd. 7030, na ukishaijua namba huhangaiki tena na jina. Taarifa za mwaka za shirika lililoendesha mradi nazo zilichapishwa. Siku hizi mwanafunzi akiniuliza chochote naanza na "kina namba?" Wenzangu wananicheka, wanasema nimekuwa wewe.

Lakini kilichoikomboa sura ya tatu ni Mambo Leo. Mimi gazeti la serikali ya kikoloni nilikuwa nalidharau, nikidhani litasifu tu. Ukasema nisisome vichwa vya habari, nishuke chini kwenye barua za wasomaji na mashairi, nitazame mwandishi anatoka wapi. Kazi ile inachosha macho, mama, sitaficha. Ila ndiyo iliyonifundisha watu wa miaka ile walivyokuwa wakijibizana kwa Kiswahili chao, na wazee niliowahoji nyumbani wakaacha kuonekana kama watu wanaokumbuka peke yao. Msimamizi wangu alipouliza hizo nimezitoa wapi, nilimwambia nina mama maktaba.

Halafu baba akapata kiharusi, nikarudi Nachingwea katikati ya muhula. Fedha za ufadhili nazo zikachelewa. Wakati ule nilikwisha amua kuahirisha mwaka, na sikumwambia mtu. Wewe uliniona sionekani kwenye meza ya dirishani, ukamuuliza mwenzangu namba yangu ya simu. Ulianza na hali ya baba, masomo hukuyataja. Siku ya pili ndipo ukaniambia nisiache kuwarekodi wazee maadamu niko huko huko, kwa kuwa vitabu vitanisubiri na wazee hawatanisubiri. Na kweli, mmoja wao tumemzika kabla sijamaliza kuandika. Sauti yake ninayo.

Kila juma ulinitumia orodha fupi kwenye WhatsApp: namba ya rafu, mwaka, na maneno mawili matatu ya kwa nini nikisome. Mara nyingine uliandika "hiki usipoteze muda nacho". Hicho hakuna katalogi inayoweza kukiandika. Niliporudi Dar, vitabu vilikuwa vimewekwa pembeni kwa jina langu, nikaketi nikaanza kazi siku hiyo hiyo.

Najua utasema ni kazi yako. Kazi yako ilikuwa kunielekeza rafu ilipo. Kunipigia simu jioni, saa za kazi zimekwisha, hakuna aliyekutuma.

Sasa nina ombi. Mahojiano yote niliyoyarekodi nimeyanakili kwa maandishi, na familia za wazee zimeridhia yahifadhiwe. Ningependa yakae kwako, pamoja na nakala ya tasnifu, ili mwanafunzi ajaye akitafuta Nachingwea akutane na watu wenyewe. Niambie tu fomu ipi nijaze na mnapokea sauti kwa mtindo gani.

Baba anatembea sasa, kwa mkongojo. Anakusalimu sana, na amenipa korosho nikuletee. Nitazifikisha Jumatatu, ofisini, si ndani ya chumba cha kusomea. Sheria yako naijua.

Mwanao,
Anjela