Ombi la kuongezewa muda wa kuwasilisha tasnifu

Wete, Pemba
9 Julai 2025

Kwa: Dkt. Salma, Msimamizi wa Tasnifu
Idara ya Afya ya Jamii

Assalamu alaykum, Mwalimu wangu.

KUH: KUONGEZEWA MUDA KUTOKA 29 AGOSTI HADI 28 NOVEMBA 2025

Naomba uniunge mkono ili tarehe yangu ya kuwasilisha tasnifu kuhusu kichocho cha mkojo kwa wanafunzi wa skuli za msingi Pemba isogezwe kwa miezi mitatu. Sababu ni moja: kibali cha maadili, tulichokitarajia mwezi wa Machi, kimetoka tarehe 30 Juni. Kinatumika hadi 29 Juni 2026, na nakala yake nimeiambatisha.

Maombi yalipelekwa kwa kamati ya maadili tarehe 13 Januari. Yalirudishwa tarehe 3 Februari kwa kosa langu: fomu ya ridhaa ya mzazi haikueleza mtoto atakayekutwa na mayai ya kichocho atatibiwa wapi na kwa gharama ya nani. Niliirekebisha na kuirejesha tarehe 7 Februari, lakini ajenda ya kikao cha mwezi huo ilikuwa imeshafungwa. Kikao cha Machi hakikufanyika kwa kukosa akidi. Kilipokaa tarehe 23 Aprili, kamati ilitaka mambo matatu: fomu ya mtoto mwenyewe kukubali, kwa Kiswahili chepesi, barua ya kituo cha afya kuthibitisha kuwa watoto watapewa praziquantel, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na maelezo ya namna mkojo utakavyomwagwa baada ya kupimwa. Majibu yote niliyafikisha tarehe 2 Mei. Barua za kwenda na kurudi zimo kwenye kiambatisho cha pili, zimepangwa kwa tarehe.

Sikukusanya hata sampuli moja wakati nasubiri, kwa sababu kibali hakirudi nyuma. Mkojo wa mtoto uliochukuliwa kabla ya kibali hauwezi kuingia kwenye tasnifu, na mzazi aliyetuamini atakuwa amedhulumiwa.

Kazi yenyewe haikubali kuharakishwa. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo siku moja ina saa nne tu za kuchukua mkojo. Mililita 10 za kila mtoto zinasukumwa kwa bomba la sindano kupitia kichujio, kisha kichujio kinawekwa kwenye kioo na mayai yanahesabiwa siku hiyo hiyo. Chupa ikitikiswa vibaya kabla ya kupima, mayai hubaki chini na hesabu huwa ndogo kuliko ukweli. Kwa hadubini moja, watoto 20 kwa siku ndio kiwango ninachoweza kukitetea mbele ya watahini. Watoto ni 320, skuli mbili Micheweni na mbili Mkoani. Hizo ni siku 16. Vioo 32 vitasomwa tena na fundi wa pili asiyejua matokeo ya kwanza.

Ratiba ninayoipendekeza:

16 Julai–1 Agosti: kuonana na masheha na walimu wakuu, mikutano ya wazazi, kugawa na kukusanya fomu za ridhaa.
4–29 Agosti: kuchukua na kupima sampuli. Nikiitoa Nane Nane zinabaki siku 19, yaani siku tatu za akiba kwa watoto watakaokuwa hawapo.
1 Septemba–3 Oktoba: kuingiza takwimu mara mbili, kulinganisha na kuchambua.
24 Oktoba: Sura ya 4 na ya 5 kufika mezani kwako.
28 Novemba: kuwasilisha, baada ya masahihisho yako.

Nimejitahidi sampuli ziishe Agosti kwa sababu uchaguzi mkuu ni Oktoba, na skuli nyingi hutumika kuwa vituo vya kupigia kura. Sura ya 1 hadi ya 3 zimekamilika na nimezirekebisha kulingana na masharti ya kibali. Vichujio, chupa na vioo vimeshanunuliwa.

Ikiwa miezi mitatu haitawezekana, njia iliyobaki ni kupima skuli mbili za wilaya moja, watoto 160. Sikushauri hivyo, Mwalimu. Tutapoteza ulinganisho wa kaskazini na kusini ambao ndio swali la utafiti huu, na kibali kitahitaji kufanyiwa marekebisho, jambo litakaloturudisha kwenye foleni ile ile.

Fomu ya kuongezewa muda nimeijaza na kuiambatisha. Naomba saini na maoni yako kabla ya Ijumaa, 18 Julai, ili iwahi kufika kwa kamati ya masomo ya uzamili. Nitakuwa Unguja Jumatatu na Jumanne, tarehe 14 na 15, kwa ajili hiyo. Nitakuja ofisini saa utakayoipanga, na mikutano ya masheha itaanza Jumatano nikirudi Pemba.

Wako mtiifu,

Asha Khamis
Mwanafunzi wa Shahada ya Uzamili, Afya ya Jamii

Viambatisho: kibali cha maadili, barua za kamati na majibu yake, ratiba ya siku kwa siku, fomu ya kuongezewa muda.