Kabla ya mahojiano ya kesho

Akinyi,

Sitakwambia kazi ni yako. Mmeitwa wengi, na siwezi kujua wanamtaka nani. Ninachokijua ni kile nilichokiona mwaka jana hesabu za chama zilipokataa kulingana: ulikaa na daftari la mweka hazina huku, taarifa ya M-Pesa kule, ukapitia mstari kwa mstari mpaka ukaipata ile 4,300 iliyoandikwa mara mbili. Sisi wengine tulikuwa tumeshaanza kushukiana. Wakikuuliza umewahi kutatua tatizo gani, wape hilo. Usihangaike kutafuta kubwa zaidi.

Ile miaka miwili ya kumuuguza mama wataiuliza. Jibu kwa sentensi moja, kisha unyamaze. Si kosa, usiieleze kama kosa.

Barabara ya Jogoo unaijua asubuhi. Toka Donholm saa kumi na mbili. Ukifika Upper Hill mapema, utakunywa chai. Beba vyeti halisi, si nakala pekee. (Na vile viatu vipya viache, vinakubana.)

Kuogopa utaogopa tu. Ukitoka, usipotaka kuongea, niandikie "nimetoka", basi. Jioni napika, njoo, iwe imekuwaje.

Njeri