Tathmini ya ganzi na usingizi kabla ya upasuaji

Kliniki ya ganzi na usingizi, Jumatano 7 Mei 2025, saa 5 asubuhi.

Mgonjwa: mwanamke, miaka 54, mkulima, mkazi wa Njombe. Kilo 71, sentimita 158. Amekuja na binti yake.
Upasuaji: kuondoa goita, Alhamisi 15 Mei 2025, wa kwanza kwenye orodha, saa 3 asubuhi.

Historia. Goita iligunduliwa 2023, wakati huo tezi ikifanya kazi kupita kiasi. Yuko kwenye kabimazoli, sasa 10 mg kwa siku. Hana tena mapigo ya kasi wala kutetemeka. Presha miaka 6: amlodipini 5 mg asubuhi, losatani 50 mg jioni. Hana kisukari, pumu wala kifafa. Havuti sigara, hanywi pombe. Hutafuna vitunguu saumu vibichi kila asubuhi "kwa ajili ya presha". Nimemwomba aache kuanzia leo, kwa sababu ya damu.

Usingizi wa awali. Kujifungua kwa upasuaji 1996, kwa ketamini. Anakumbuka akielea darini na kuona watu wasio na nyuso, hataki kurudia. Upasuaji wa pili 2001, ganzi ya mgongo, bila shida. Hakuna kwenye ukoo aliyepata matatizo na dawa ya usingizi.

Mzio. Ameingia akisema, "Daktari, mimi nina mzio wa ganzi." Nimemhoji taratibu. Aling'olewa jino 2022. Baada ya sindano moyo ulimwenda mbio na mikono ikatetemeka kwa dakika kama 10, kisha yakaisha. Hakuvimba, hakuwashwa, hakubanwa kifua. Hiyo naiona ni adrenalini iliyochanganywa kwenye lidokaini, na huenda tezi ilikuwa tayari imechachamaa bila mtu kujua. SI mzio wa lidokaini. Naomba isiandikwe hivyo kwenye faili. Mzio wa kweli ni SEPTRINI: vipele mwili mzima na midomo kuvimba, 2014. Amoksilini ametumia mara nyingi bila tatizo.

Njia ya hewa. Mdomo unafunguka sentimita 4. Mallampati 3. Kidevu hadi zoloto sentimita 6.5. Shingo inakunjika nyuma vizuri. Jino la mbele la juu kushoto linacheza. Ameambiwa linaweza kung'oka. Goita ni kubwa zaidi upande wa kushoto, na akimeza napata kuweka vidole chini yake, kwa hiyo haijashuka kifuani. Eksirei ya shingo: bomba la hewa limesukumwa kulia, sehemu nyembamba kabisa milimita 11. Nimemlaza chali dakika 5, kisha akainua mikono yote miwili juu ya kichwa: uso haukuiva, hakukoroma, aliendelea kuongea nami. Hulala na mto mmoja. Sauti safi, daktari wa masikio, pua na koo ameona nyuzi zote mbili za sauti zinasogea.

Utimamu. Hubeba ndoo ya lita 20 kupanda mlima bila kupumzika. Presha 138/84, mapigo 76, oksijeni 97%. Moyo na mapafu safi. Hemoglobini 12.6, TSH 1.9, kalsiamu, figo na ECG kawaida. ASA 2. Anafaa kwa upasuaji.

Mpango tuliokubaliana. Usingizi kamili kwa propofoli, akiwa ameinuliwa kichwa na kuvuta oksijeni kwanza. Laringoskopu ya video iwe chaguo la kwanza, mirija namba 7.0, 6.5 na 6.0 mezani pamoja na buji. Daktari wa upasuaji awe amevaa tayari chumbani kabla sijamlaza, maana goita imekaa pale pale ambapo tungekata kwa dharura. Ketamini hapana, isipokuwa maisha yake yakiwa hatarini. Hilo amelikubali mwenyewe baada ya kufikiri. Deksamethasoni 8 mg, parasetamoli, mofini kidogo. Mrija utoke akiwa macho kabisa. Damu chupa 2 zilinganishwe. Usiku wa kwanza alale wodi ya uangalizi wa karibu, seti ya kufungulia kidonda ikiwa kitandani: akivimba shingo au kubanwa pumzi, fungueni kwanza, mwiteni daktari huku mnafungua.

Kabimazoli na amlodipini ameze siku hiyo na maji kidogo. Losatani ya jioni ya tarehe 14 aiache. Chakula mwisho saa 3 usiku. Maji matupu hadi saa 1 asubuhi. Aliuliza kama uji mwepesi ni maji. Uji ni chakula, na chai ya maziwa pia, binti ameandika.

Anaimba sauti ya kwanza kwaya ya kanisani. Nimemweleza kwamba koo litawasha siku mbili tatu kwa sababu ya mrija, na kwamba mshipa wa fahamu wa sauti unaweza kuguswa wakati wa upasuaji. Hilo la pili atalizungumza zaidi na daktari wa upasuaji kabla ya kusaini. Fomu ya usingizi amesaini leo, binti akiwa shahidi.

Daktari wa ganzi na usingizi, kliniki ya Jumatano.